Pumzi Sita Kabla ya Swali la Kwanza

Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha nne, kisiwani Lamu, majuma machache kabla ya mtihani wa KCSE

Assalaam alaykum, na habari za asubuhi kwenu nyote. Walimu wenzangu, ahsanteni kwa kunikaribisha. Wanangu, najua saa moja kwenu mwezi huu ni mali, kwa hivyo sitaila kwa kuwaambia mjitahidi. Hilo mmeshaambiwa na kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya ukumbi huu.

Nimekuja na hadithi. Kijana wa hadithi hii nimemtunga mwenyewe na nikampa jina la Athman, lakini yaliyomfika sikuyatunga. Nimefundisha Hisabati kwa miaka mingi, na miaka mingi pia nimekaa katika chumba cha ushauri nasaha, na haya nimeyaona yakimfika mwanafunzi huyu, kisha yule, kisha mwingine. Wengine walikuwa ndio wanaowafunza wenzao darasani.

Athman alikuwa kijana wa Langoni. Mama yake hukanda unga wa mahamri usiku na kuyachoma alfajiri, na Athman huyapeleka madukani kabla hajavaa sare ya shule. Darasani si wa kwanza, si wa mwisho. Lakini jioni, vijana wa mtaa wakikaa barazani na vitabu vyao, yeye ndiye anayeulizwa logarithimu na asilimia, naye hueleza vizuri hadi mtu akaelewa.

Ukafika mwezi wa Julai, mtihani wa mwigo, ule mnaouita moki. Karatasi ya kwanza ya Hisabati mnaijua ilivyo: dakika 150, alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50, na sehemu ya pili ina maswali manane, wewe unachagua matano, kila moja alama 10. Athman akafungua karatasi akasoma swali la kwanza. Mchuuzi amenunua kilo 45 za samaki kwa shilingi 240 kila kilo. Kilo tano zikaharibika. Auze zilizobaki kwa bei gani kila kilo ili apate faida ya asilimia 20?

Swali la aina hii Athman alikuwa amewaeleza wenzake juzi yake tu. Lakini alilisoma, akafika mwisho, akagundua hakumbuki mwanzo wake. Akalisoma tena. Maneno aliyaona, "samaki", "kilo", "faida", ila yalikuwa kama mashua zisizo na nanga, kila moja inaelea upande wake. Moyo ukaanza kwenda mbio. Likaja wazo: "Hili ndilo swali la kwanza, ndilo rahisi, na silijui." Nyuma yake likaja la pili: "Basi yote sitayaweza." Moyo ukazidi.

Athman akakumbuka nasaha ambayo kila mtu huitoa: ukiogopa, vuta pumzi ndefu. Akavuta. Akaona haikutosha, akavuta nyingine kubwa zaidi kwa mdomo, na nyingine. Baada ya muda vidole vikaanza kufa ganzi, kisha midomo, kichwa kikawa chepesi, herufi zikacheza mbele ya macho. Akahisi hewa haimtoshi kabisa, akazidi kuvuta. Sasa wazo halikuwa tena la mtihani. Lilikuwa: "Nazimia. Hapa mbele ya watu, nazimia."

Hakuzimia. Alikaa na kalamu mkononi dakika arobaini bila kuandika kitu, na zilizobaki akazitumia kuruka huku na huko. Akapata alama 23.

Hapa nataka niisimamishe hadithi, kwa sababu Athman alifanya kosa moja ambalo wengi wenu mnalifanya, na hamwezi kuliacha mpaka mjue kilichokuwa kikitokea mwilini mwake.

Ukiogopa, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo unaongeza kasi, damu inapelekwa kwenye misuli, pumzi zinaenda haraka. Mwili unajitayarisha kukimbia au kupigana. Lau Athman angekuwa anakimbizwa na nyuki kule mashambani, pumzi zile zote zingetumika. Lakini alikuwa amekaa kitini. Misuli haifanyi kazi, na pumzi zinaenda kama za mkimbiaji.

Sasa sikilizeni vizuri. Tunapotoa pumzi tunatoa hewa ukaa. Tumezoea kudhani hiyo ni taka tu, itoke yote, lakini sivyo. Damu inahitaji kiasi chake maalumu. Ukipumua kwa nguvu na haraka huku umekaa, unaitoa kwa wingi kuliko mwili unavyoitengeneza, na ikipungua, mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inajibana. Ndiyo maana ya kizunguzungu. Neva nazo zinakuwa nyepesi kushtuka, ndiyo maana ya ganzi vidoleni na kuzunguka mdomo. Na cha ajabu, ukiwa katika hali hiyo unahisi hewa haikutoshi. Athman alidhani amepungukiwa na hewa, kumbe alikuwa amezidisha. Kila pumzi kubwa aliyovuta kutafuta nafuu ilimsukuma mbali zaidi na nafuu hiyo.

Ile nasaha ya "vuta pumzi ndefu" basi ni nusu ya dawa, na nusu isiyofaa. Kinachotuliza ni kutoa.

Msiniamini mimi. Kila mmoja aweke vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, atafute mpigo wa moyo. Aliyekosa ajaribu shingoni, kando ya koo, asibonyeze kwa nguvu. Haya. Sasa vuteni pumzi kwa pua, polepole, kawaida tu. Na mtoe polepole zaidi. Tena. Sikilizeni mpigo.

Naona baadhi yenu mmeshtuka. Ndiyo. Ukivuta, mpigo unaharakisha kidogo. Ukitoa, unapungua kasi. Si maradhi, ni dalili ya moyo mzima, na kwa vijana huonekana wazi kuliko kwa sisi watu wazima. Kuna neva ndefu itokayo kwenye ubongo, huitwa vegasi, inayoshuka hadi moyoni na tumboni. Unapotoa pumzi, neva hiyo ndiyo inayoushika moyo na kuupunguzia mwendo. Moyo huwezi kuuamrisha, lakini pumzi unaweza, na kwa kupitia pumzi unaufikia moyo. Ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyovuta, unautunza upande wa kutulia.

Turudi kwa Athman.

Siku ya pili baada ya moki alikwenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Hakwenda kwa kupenda. Alitumwa na mwalimu wa darasa. Alikaa, akaangalia sakafu, akasema, "Mwalimu, mimi Hisabati siiwezi tena."

Mwalimu hakumbishia. Alimpa karatasi ileile, safi, akamwambia, "Hapa hakuna saa wala msimamizi. Fanya unavyoweza. Mimi nasahihisha vitabu vyangu hapa."

Athman akafanya. Mwalimu akasahihisha. Alama 51.

"Tazama," mwalimu akasema. "Jana 23, leo 51. Tofauti ni 28. Mara ya pili karatasi huwa imezoeleka kidogo, kwa hivyo tusiichukue hesabu hii kama ya duka la dhahabu. Lakini kwa kukadiria, alama kama 28 zimeliwa na kiwewe. Na hizi 49 zilizobaki hadi mia, hizi si za kiwewe. Hizi hujazisoma."

Wanangu, huu ndio mgawanyo ninaowaomba mjifanyie wenyewe, kwa sababu mtu akichanganya mambo haya mawili anapotea. Athman alikuwa hajagusa mada ya vekta tangu kidato cha tatu. Hakuna pumzi itakayomfunza mtu vekta. Na yule ambaye amesoma kila kitu lakini chumba cha mtihani kinamkausha, kumwambia asome zaidi hadi saa nane za usiku ni kumwongezea uchovu juu ya hofu. Kila ugonjwa na dawa yake, na kwanza ujue unao upi.

Mwalimu akamfundisha kupumua, na alivyomfundisha ndivyo nitakavyowafundisha. Miguu yote miwili chini. Kiganja chini ya kitovu, ili ujue tumbo ndilo linalonyanyuka, si mabega. Anza kwa kutoa, usianze kwa kuvuta, kwa sababu mtu mwenye kiwewe kifua chake kimeshajaa. Ukishatoa, funga mdomo, vuta kwa pua kiasi cha kawaida huku ukihesabu moja hadi nne. Usijaze kifua. Kisha toa polepole ukihesabu hadi sita, kwa pua au kwa midomo iliyokunjwa kidogo, kama mtu anayepoza kahawa ya moto. Nne na sita ni sekunde kumi. Pumzi sita ni dakika moja.

"Kila usiku baada ya Isha," mwalimu akamwambia, "dakika tano. Siku ambazo huna hofu yoyote. Ukisubiri uje uijaribu siku ya mtihani, utakuwa kama mtu anayejifunza kuogelea baada ya kuanguka kutoka gatini."

Siku ya tatu Athman akarudi analalamika. Akihesabu nne na sita, anahisi kubanwa, anatamani kuhema. Mwalimu akamsikiliza anavyohesabu, akaona anahesabu polepole mno, kama mtu anayesoma shairi. Akampunguzia: vuta tatu, toa nne. Hapakuwa na dhambi yoyote katika hilo. Namba si za kuabudiwa, kinachohitajika ni kutoa kuzidi kuvuta, na mtu asione dhiki. Baada ya juma moja akarudi kwenye nne na sita bila kujilazimisha. Nanyi mkijaribu, mkaona mnapiga miayo mfululizo au vidole vinaingia ganzi, jueni mnavuta hewa nyingi. Punguzeni ukubwa wa pumzi, si kasi peke yake.

Sasa ikaja sehemu ambayo Athman hakuitarajia. Nyumba yao ni ya zamani, ya mawe, ngazi zake zimesimama wima kama zilivyo ngazi za nyumba nyingi za hapa mjini. Mwalimu akamwambia apande mbio hadi juu na kushuka, mara tatu, kisha akae papo hapo, afungue karatasi ya mwaka uliopita na aanze swali la kwanza, moyo ukiwa bado unadunda.

"Kwa nini, Mwalimu? Si tunataka moyo utulie?"

"Tunataka pia ujue kwamba unaweza kuhesabu moyo ukidunda. Wewe ukiusikia moyo tu, unasema hatari imekuja. Nataka uusikie mara ishirini, thelathini, na kila mara uone kwamba hakuna kilichotokea."

Nawaambieni, wanangu, zoezi hili la ngazi nalipenda kuliko yote. Kwa sababu kiwewe mara nyingi hakianzi na swali gumu. Kinaanza na mtu kuuogopa mwili wake mwenyewe. Moyo unadunda kidogo, kama ilivyo haki yake asubuhi ya mtihani, yeye anaogopa ule mdundo, kuogopa kunaleta mdundo zaidi, na mduara unazunguka. Athman alipopanda ngazi zile wiki tatu, mdundo ukawa kitu alichokizoea. (Mwenye pumu au tatizo la moyo asifanye zoezi hili bila kumuuliza daktari wake kwanza. Na aliyewahi kuzimia au kuumwa na kifua wakati wa kukimbia, huyo aende hospitali akapimwe. Hilo si la mwalimu wala la kuhesabu pumzi. Vivyo hivyo anayepatwa na kiwewe hata siku zisizo na mtihani, au aliyefikia kuwaza kujidhuru: amwambie mtu mzima anayemwamini, leo, asisubiri mtihani uishe.)

Pumzi ikawa imeshikika. Likabaki wazo.

Katika miaka ya 1960, daktari mmoja Mmarekani, Aaron Beck, aligundua kwamba wagonjwa wake walikuwa na mawazo mafupi yanayojileta yenyewe, haraka sana, kiasi kwamba wenyewe hawakuyatambua kuwa ni mawazo. Waliyachukua kuwa ni ukweli. Akawafundisha kuyakamata, kuyaandika, na kuyapima kama unavyopima madai ya mtu mwingine. Njia hiyo ndiyo mwalimu aliyoitumia kwa Athman.

Akampa daftari. "Niandikie maneno yaliyopita kichwani mwako pale ulipokwama. Yaleyale, usiyapambe."

Athman akaandika: "Nimeshindwa la kwanza, basi yote sitayaweza." Akafikiri, akaandika la pili, kwa herufi ndogo: "Mama ataona haya."

Wakaanza na la kwanza. "Ushahidi wako ni upi?" Ushahidi ulikuwepo kinyume: alama 51, kwa karatasi ileile ambayo aliambiwa na kichwa chake kwamba hataiweza. Mwalimu akamwambia aandike sentensi nyingine badala ya ile. Athman akaandika: "Mimi ni bingwa, nitapata A."

"Unaiamini?"

Athman akacheka kidogo. "La, Mwalimu."

"Basi kichwa chako nacho hakitaiamini, hasa kikiwa na hofu. Kitakubishia, na mabishano yatakula muda. Niandikie ya kweli. Hata kama si tamu."

Ilimchukua siku mbili. Alichokileta kilikuwa hiki: "Moyo unadunda. Si hatari. Naanza na ninalolijua." Mwalimu akamwomba aiseme huku akitoa pumzi. Akaona sehemu ya mwisho, "naanza na ninalolijua", inaenea ndani ya pumzi moja ya hesabu sita. Wakaichagua hiyo. Wazo linalofaa ni lile unaloweza kulibeba kwenye pumzi. Lile lenye mistari mitatu halitakuja wakati unalitaka.

Na sentensi hii haikuwa ya kujifariji tu. Ilikuwa na kazi ya kufanya. Chukueni lile swali la samaki. Ukilitazama lote, linatisha. Lakini ukijiuliza, "Ninalolijua hapa ni lipi?", unajua kwamba kilo 45 kwa shilingi 240 ni shilingi 10,800. Andika. Hiyo ni hatua, na huenda ina alama yake. Sasa faida ya asilimia 20 juu ya 10,800 ni 2,160, jumla 12,960. Andika. Zilizobaki ni kilo 40. Gawa. Shilingi 324. Athman hakukosa akili ya kufanya hivi siku ya moki. Akili inapofanya hesabu ina meza ndogo tu ya kuwekea vitu, na meza yake ilikuwa imejaa "sitaweza" na "nazimia", hapakubaki mahali pa kuweka kilo arobaini. Ukiandika hatua ya kwanza, unaipunguzia meza mzigo.

Lile wazo la pili, la mama kuona haya, mwalimu hakulipima. Alisema, "Hili mimi sina ushahidi wake. Muulize mwenyewe."

Athman alikaa siku nne kabla ya kuuliza. Aliuliza usiku, mama yake akikanda.

"Mama, nikianguka Hisabati utafanyaje?"

Mama hakuacha kukanda. "Nataka upite, Athman. Usije ukadhani sitaki." Akageuza donge la unga. "Ukianguka nitahuzunika. Kisha kesho yake nitakanda unga, nawe utayapeleka mahamri madukani, tukae tutazame la kufanya. Kwani ulidhani nitafanya nini?"

Athman hakuwa na jibu. Alikuwa amebeba picha ya mama anayefunika uso mbele ya majirani, na picha ile hakuwahi kuiangalia sawasawa hadi usiku ule. Angalieni kwamba mama hakumwambia "usijali". Alimwambia atahuzunika. Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli, Athman aliweza kuisimamia.

Ukafika mwezi wa Novemba.

Asubuhi ile Athman alipeleka mahamri kama kawaida. Alifika shuleni mapema, akaepuka kundi la waliokuwa wakiulizana fomula mlangoni, kwa sababu alijijua: akisikia moja asiyoikumbuka, litamganda. Alipoketi, msimamizi akianza kugawa karatasi, aliweka miguu chini akatoa pumzi. Kisha nne na sita. Mara sita. Moyo ulikuwa bado unakwenda kasi, ila ulikuwa ule mwendo wa ngazi, anaoujua.

Swali la kwanza likaenda. La pili, la tatu. La nne alilisoma mara mbili, likaenda. La sita lilikuwa la duara, kipenyo na mistari mingine imekatana, pembe tatu za kutafuta, alama nne. Athman akalitazama na meza ikamwagika yote kwa mpigo mmoja. Vidole vikaanza kuwa baridi. Wazo likaja lilelile, kwa sauti ileile: basi yote sitayaweza.

Aliweka kalamu chini. Hili alikuwa amelipigia hesabu na mwalimu wake mapema. Dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Pumzi sita ni dakika moja. Hata akiitumia dakika nzima, anapoteza chini ya alama moja, na siku ya moki, kwa kutoitumia, alipoteza dakika arobaini. Bila hesabu hii mwanafunzi huona hana muda wa kupumua, akaendelea kuukodolea macho mstari mmoja dakika kumi.

Akatoa. Nne. Sita. Pumzi ya tatu likaja wazo jipya, janja kuliko yote: "Haifanyi kazi." Mwalimu alikuwa amemwonya kwamba litakuja, na kwamba asisimame kukagua kama ametulia, kwa kuwa kujikagua kunairudisha hofu mlangoni. Akaliacha lipite, akahesabu. Pumzi ya tano akaongeza maneno: naanza na ninalolijua. Pumzi ya sita akaangalia chini.

Swali la sita bado hakuliweza. Nataka mnisikie hapa, kwa kuwa wengi huacha mbinu hii wakidhani kwamba baada ya pumzi sita jibu litashuka. Halishuki. Kilichobadilika ni kwamba Athman aliweza kusoma tena. Akaweka alama ndogo ya penseli kando ya la sita, akageukia la saba. La saba lilikuwa la logarithimu, alilowafundisha wenzake barazani. Likaenda.

Kiwewe kilirudi mara moja nyingine, katika sehemu ya pili, alipoona vekta. Vekta alikuwa amezisoma tangu Agosti, lakini si vya kutosha, naye alilijua hilo. Hapo hakuhitaji pumzi sita, mbili zilimtosha. Maswali ni manane na yanatakiwa matano. Akaziacha vekta, akachagua mengine.

Zilipobaki dakika 11 akarudi kwenye la sita. Duara lilikuwa palepale. Ninalolijua hapa ni lipi? Mstari huu ni kipenyo. Basi pembe inayokaa juu ya nusu duara ni nyuzi 90. Akaandika. Kutoka hapo, pembe ya pili aliipata kwa kutoa. Akaandika na sababu yake. Pembe ya tatu alikuwa ameianza pale msimamizi aliposema kalamu chini.

Nje, jua limeshapanda, rafiki yake akamkamata kwenye kichochoro, punda wawili wenye mifuko ya saruji wakipita, ikabidi wajibanze ukutani.

"Athman, la sita ulilionaje? Lile la duara?"

"Lilinitisha," Athman akasema. "Nikaliacha. Nikalirudia mwisho."

"Ukalimaliza?"

"Pembe mbili. Ya tatu nimeiacha njiani." Akasubiri punda wapite, akaweka begi lake sawa begani. "Kesho kutwa ni ya pili. Leo jioni tunakutana barazani, au mna lenu?"